Mgeni wa Safu ya Mwisho



Ndugu zangu katika imani, leo naandika kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliingia msikitini kwetu wakati wa Isha, akasimama safu ya mwisho. Alikuwa akitazama kushoto na kulia ajue lini anarukuu. Tulipotoa salamu tu, watu watano wakamzunguka. Umesilimu lini? Kwenu wapi? Umeshatahiriwa? Wazazi wanajua? Nami, badala ya kumwokoa, nikamshika mkono nikamsimamisha mbele ya jamaa, nikaomba takbira. Watu wakaitikia kwa nguvu. Yule kijana alikuwa anatazama viatu vyake mlangoni. Hakurudi tena.

Nilikuwa nimesomesha mara nyingi hadithi ya Muawiya bin Hakam Assulami (Allah amridhie), iliyomo katika Swahihi Muslim. Mtu alipiga chafya ndani ya swala, naye akamwombea rehema kwa sauti. Watu wakamkodolea macho, wakapiga mapaja yao kumnyamazisha. Mtume wetu (S.A.W.) alipomaliza kuswali hakumkaripia, hakumpiga wala hakumtukana. Alimweleza kwa maneno machache kwamba swala haichanganywi na mazungumzo ya watu, basi. Sasa tazama kinachofuata, ambacho mimi nilikuwa nakipita haraka darasani: Muawiya mwenyewe ndiye aliyeanza kusema kwamba ametoka ujahilia karibuni, akauliza habari za makuhani, akaeleza mpaka mambo ya nyumbani kwake. Hakuna aliyemhoji.

Siku hizi tumekubaliana hivi. Mgeni akipitwa na rakaa, aachwe azikamilishe. Hakuna kumsubiri amesimamiwa kichwani, na hakuna kukatiza mbele yake. Akiwa katika nyiradi, aachwe amalize. Kisha aende mtu mmoja tu, na kwa wanawake aende mwanamke. Atoe salamu, apeane naye mkono, ataje jina lake mwenyewe, amwoneshe mahali pa kutawadhia na saa za jamaa. Mgeni akitaja jina lake, alhamdulillah. Asipotaja, usimuulize, wala usimwombe namba ya simu ili umtie kwenye kundi la msikiti. (Mzee wetu mmoja bado inamuuma. Anasema huo si ukarimu. Namwambia, mzee wangu, chai tunayo pale barazani, yeye akitaka atakuja.)

Utajua umezidisha ukiona majibu yake yamekuwa mafupi na macho yako mlangoni. Hapo muage.

Mwaka jana alikuja mwingine. Nilimpa salamu, nikamwambia mimi naitwa nani, nikaondoka. Ijumaa ya pili vivyo hivyo. Ijumaa ya tatu nilikuwa nakunja mkeka, akanifuata mwenyewe akaniuliza: "Sheikh, nikikuta imamu yuko kwenye rukuu, ile rakaa nimeipata?"

Tukakaa pale pale mpaka Alasiri.