Daftari la Siku Nne za Mwani

Mdogo wangu anasomea utengenezaji wa filamu hapa Uingereza. Kazi yake ya kumaliza mwaka ilikuwa filamu fupi juu ya shangazi yetu na wenzake wanaolima mwani Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Ndugu walichangishana, mimi nikachukua likizo yangu ya mwaka, nikaenda naye kama mshika fedha na mwandishi wa daftari. Kamera siijui. Ninachokijua ni kuandika. Tangu nilipokuwa nasomea stashahada ya uuguzi nyumbani, na baadaye shahada huku, nimezoea kwamba anayeingia zamu lazima akute kwenye karatasi kilichofanyika, saa ngapi, na kwa nini.

Wenye fani ya filamu wana desturi kama hiyo. Kila siku ya kupiga picha huandikiwa ripoti: kazi ilianza saa ngapi, picha ya kwanza ilichukuliwa lini, nini kilipangwa na nini kimepatikana, kadi zipi zimejaa, nani kaumia, nani kazidisha saa. Kazi ikiisha huandikwa ripoti ya kufunga. Kundi letu lilikuwa la watu wanne, kwa hiyo sikutumia fomu ndefu. Nilinunua daftari la mistari, kila jioni nikaliandika kwa robo saa, kabla ya kuoga na kabla ya chakula, maana baada ya chakula kila mtu hukumbuka siku kwa namna yake.

Sehemu niliyoipa nafasi kubwa ni maamuzi. Kila uamuzi uliobadili mpango niliuandikia mambo manne: tulichoamua, sababu, nani alikubali, na umegharimu nini. Mengine yalikaa kwa ufupi. Ugomvi sikuuandika kabisa, kwa sababu daftari lilikuwa mezani na kila mtu alikuwa na haki ya kulisoma.

Kilimo cha mwani hufuata bamvua, zile siku za karibu na mwezi mchanga na mwezi mpevu ambapo maji hupwa mbali na mashamba huwa wazi. Siku ya kwanza maji yalikuwa yamekupwa kabisa saa 3:40 asubuhi. Kila siku saa hiyo husogea mbele, kwetu ilikuwa kiasi cha dakika 40, hivyo siku ya nne ilifika saa 5:40. Wanawake hufanya kazi hata saa mbili baada ya hapo, ndipo maji yanapowarudisha. Lakini dereva tuliyempata mjini alikuwa na kazi nyingine mchana, na mwisho wake ni saa 7. Tukapiga hesabu jioni ya siku ya kwanza. Kumbakiza dereva kwa siku zote kungeongeza shilingi 200,000. Kumwachia aende zake na kukodi teksi siku ya tatu na ya nne, 60,000 kila moja, ni 120,000. Tukachagua teksi. Mistari minne kwenye daftari, basi.

Siku ya pili ulivuma upepo mkali. Fundi sauti alivaa vipokea sauti, akasikiliza maikrofoni ndogo iliyobanwa kwenye kanga ya Shangazi, akatikisa kichwa: hakisikiki kitu ila upepo. Tuliamua baharini tuchukue picha tu, na maneno ya Shangazi tuyarekodi alasiri chumbani kwake, dirisha likiwa limezibwa kwa godoro. Fundi alizidisha saa, akalipwa 40,000 zaidi. Niliandika pia kwamba sauti hiyo iko kwenye kadi B, na kwamba picha za asubuhi hazina sauti ya kutumika. Wiki tatu baadaye, usiku, mdogo wangu alinipigia simu akiwa kwenye kompyuta ya chuo. Anaona midomo ya Shangazi inacheza lakini anasikia mvumo tu, akidhani faili zimeharibika. Nilimpigia picha ukurasa wa siku ya pili nikamtumia. Kabla hatujaagana alikuwa ameshaifungua kadi B.

Lakini mstari ninaoushukuru zaidi haukuhusu fedha wala upepo. Mama mmoja, jirani wa Shangazi shambani, alikubali asubuhi ya siku ya tatu kupigwa picha. Jioni alikuja nyumbani, akakaa ukumbini, akasema hataki tena sura yake ionekane. Hakutoa sababu na hatukumuuliza. Mdogo wangu alimwambia, "Sawa, mama." Nikaandika hapo hapo, mbele yake, nikamsomea:

```
Siku 3, saa 12:20 jioni. Mama jirani amejitoa.
Sura yake isitumike. Klipu C0031 hadi C0036.
```

Namba za klipu nilizichukua kwenye kamera tulipokuwa bado naye. Ningeandika tu kwamba kuna mtu amejitoa, maneno hayo yasingemsaidia mhariri anayetazama mamia ya klipu zenye wanawake waliojifunga kanga na kuinamia kamba. Basi ikatokea kwamba picha nzuri kuliko zote katika safari nzima ilikuwa C0034: jua ubavuni, fungu la mwani begani, na yule mama akicheka. Mdogo wangu aliiweka mwanzoni mwa filamu. Nilipomtajia daftari alinyamaza, kisha akasema, "Dada, alisema jioni, na asubuhi alikubali." Nikamjibu kwamba ndiyo, na yote mawili yameandikwa, tena la jioni ndilo la mwisho. Aliitoa. Filamu sasa inaanza na miguu ya Shangazi ikiingia majini, na mimi naona si mbaya.

Ripoti ya kufunga niliiandika kwenye ndege, ukurasa mmoja na nusu. Ilikuwa rahisi kwa sababu nilikuwa nanakili tu. Bajeti ilikuwa shilingi 2,400,000, matumizi 2,560,000. Zilizozidi ni 160,000: teksi 120,000 na saa za ziada za sauti 40,000, kila moja ikiwa na tarehe ya uamuzi wake. Baba mdogo, aliyechangia kutoka Maskati, ni mtu wa kuuliza. Aliuliza kwenye kundi la wasapu kwa nini watu wenye gari la kukodi walipanda teksi. Nilimwonyesha ile hesabu ya 200,000 kwa 120,000. Akajibu kwa neno moja: "Vyema." Kwake hiyo ni hotuba.

Upande wa mafunzo nilijiwekea sharti: kila funzo liwe agizo ambalo mgeni anaweza kulifuata. Nimeona ripoti zinazoandika kwamba safari ijayo tujipange vizuri zaidi, na sijui mtu anafanya nini na maneno hayo. Yetu yanasema: soma jedwali la maji kabla ya kukodi gari, kisha likodi mpaka saa tatu baada ya maji kupwa kabisa, upepo ukisikika kwenye vipokea sauti, maneno yarekodiwe ndani siku hiyo hiyo. Ni hayo mawili tu.

Mwisho wa ripoti kuna orodha ya ahadi ambazo bado hazijatimizwa. Betri ya kuazima imesharudishwa. Nakala za picha zimeshafika kwa Shangazi. Imebaki moja: wanawake wa shamba waione filamu kijijini kwanza, kabla ya kuonyeshwa kwingine. Shangazi ametuagiza tusiende siku za bamvua, maana mchana hatutamkuta mtu nyumbani. Kwa hiyo tiketi tunaitafuta ya siku za maji mafu, na yule mama jirani naye amealikwa.