Mafuta Meupe Yorkshire, Mafuta ya Transfoma Makorora

Dada yangu anakaanga chipsi Makorora, Tanga, kwenye banda la mabati lenye majiko mawili ya mkaa. Mimi nakaanga chipsi Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kwenye duka la samaki na chipsi. Mwaka jana sote wawili tulizushiwa maneno juu ya mafuta, miezi michache tu ikipita kati ya uzushi mmoja na mwingine. Duka ninalofanyia kazi lilijibu kwa sentensi tano, yakaisha. Jibu la dada yangu tuliliandika mara tatu.

Nianze na huku. Yorkshire ina maduka mengi ya zamani yanayokaangia mafuta ya ng'ombe, na wenyewe wanajivunia ladha yake. Sisi tunatumia mafuta ya mawese, kwa sababu wateja wetu wengi ni Waislamu na wengine hawali nyama kabisa. Siku moja mama mmoja akaandika kwenye kundi la Facebook la mtaa kwamba amepita mlango wetu wa nyuma, akaona maboksi ya vipande vyeupe vya mafuta. Akasema hayo ni ya ng'ombe na tunawadanganya watu.

Mzee mwenye duka alilisoma usiku, akalala nalo, akajibu asubuhi. Aliandika hivi, kwa Kiswahili changu: "Tunakaangia mafuta ya mawese peke yake. Vipande vyeupe ulivyoviona ni hayo hayo mawese. Yanakuja yameganda kwenye maboksi ya kilo 12 na nusu, na yakiwa baridi yanafanana na mafuta ya ng'ombe. Ukipita dukani, mwambie aliye kaunta akuonyeshe boksi. Asante kwa kuuliza."

Mimi nilimshauri aongeze kwamba tuna alama 5 ya usafi. Huku mamlaka za mitaa hukagua jikoni na kutoa alama kuanzia 0 hadi 5, na zinawekwa hadharani mtandaoni. Mwenye biashara asiyeridhika ana haki ya kuandika maelezo yake yakachapishwa pamoja na alama hiyo, na ofisi inaweza kuyahariri kwanza ikikuta humo kashfa au mambo yasiyohusika. Nikaona 5 ni silaha nzuri. Mzee akakataa. Alisema alama ile inahusu usafi wa jiko, na yule mama hakuuliza usafi, aliuliza mafuta. Ukiulizwa hiki ukajibu kile, msikilizaji anajua unakwepa.

Neno hilo lilikuwa bado liko kichwani mwangu dada aliponipigia.

Habari ya Makorora ilikuja kwa sauti ya WhatsApp, dakika moja na kidogo, mwanamume anaongea kama mtu anayewaonea watu huruma. Alisema pale kona ya mnazi, lilipo banda la dada, chipsi zinakaangwa kwa mafuta ya transfoma. Anaye rafiki aliyeona gari la umeme limesimama usiku na dumu likishushwa. Kwa mtu aliyekulia kwetu habari hii si ngeni. Imezunguka miaka mingi, mji hadi mji, na ina mahali pa kushika, maana wizi wa mafuta ya transfoma upo kweli Afrika Mashariki. Kwa hiyo aliyeiamini si mjinga. Jibu linalomcheka limeshamkosa kabla hajalimaliza.

Dada alikuwa akimenya ndoo nne za viazi kila jioni. Siku ya tatu alimenya moja na nusu, na nyingine akawagawia watoto wa jirani.

Jibu lake la kwanza alinitumia saa sita usiku. Lilianza TAARIFA KWA UMMA kwa herufi kubwa. Lilisema wapo watu wenye husda wanaomzushia kwamba anakaangia mafuta ya transfoma, kwamba hajawahi kuyaona mafuta ya transfoma, kwamba anaapa mbele ya Mungu hajui hata mafuta ya transfoma yananunuliwa wapi, kwamba yeye anatumia mafuta mapya kila siku, na kwamba wote waliosambaza atawafikisha polisi kwa sheria ya mitandao.

Nilimpigia badala ya kumwandikia, kwa sababu alikuwa analia. Tulipotulia tukalipitia mstari kwa mstari. Uzushi wenyewe umetajwa mara tatu, mafuta yake halisi mara moja, tena bila jina. Mtu akisoma haraka anabaki na neno transfoma. Kiapo hakimsaidii asiyekujua, na anayekujua hakihitaji. Tishio la polisi lina madhara zaidi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kweli inagusa habari za uongo, lakini waliosambaza ile sauti ni pamoja na majirani, wakwe na wateja wake. Ukiwatisha hao, watanyamaza kwenye kundi na kuendelea kusema majumbani.

Kisha nikamuuliza swali ambalo hakulipenda. "Dada, mafuta ni mapya kila siku?"

Akakaa kimya. "Mdogo wangu, mafuta bei yake unaijua? Nayachuja usiku, natumia siku mbili. Ya tatu nafungua mengine."

Hapo ndipo jibu la kwanza lingemzika. Kila aliyekaa banda lile amemwona akichuja mafuta. Angesema "mapya kila siku", jirani mmoja angejua si kweli, na baada ya hapo sentensi zake zote za kweli zingekufa pamoja na hiyo moja. Kuchuja na kutumia siku mbili si aibu. Hata duka letu huku linachuja. Tukakubaliana hakuna kuongeza hata tone.

Jibu la pili niliandika mimi, na lilikuwa baya kwa namna yake. Niliiga la mzee: sentensi tano, kavu. Nikatia na sayansi. Mafuta ya transfoma ya kawaida huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzi kama 140, na chipsi zinataka nyuzi 170 hadi 180. Kwenye jiko la mkaa lililo wazi, mtu angeona moto na moshi wenye harufu kali kabla hajaona chipsi. Nilijua ni hoja nzito.

Dada alisoma akaniambia, "Hii barua ya benki. Hujasalimia watu, hujasema mimi ni nani. Na nyuzi 140 nani atazipima hapa Makorora?"

Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Huku mtu hujibu kama duka, na jina la duka linatosha. Kwetu anayejibu ni mtu, na mtu asiyesalimia ama amekasirika ama ana hatia. Hoja ya nyuzi nayo ilikuwa kweli ambayo msomaji hawezi kuigusa; ingezaa ubishi wa mafundi kwenye kundi na neno transfoma lingeendelea kuzunguka wiki nzima. Mzee wa Yorkshire hakutoa somo la mafuta. Alisema njoo uone boksi.

Tukatafuta basi boksi letu la Makorora ni lipi, na kwanza lile dumu lilitoka wapi. Dada akakumbuka. Jumanne ile mafundi wa umeme walimaliza kazi usiku wakaja kula. Maji yalikuwa yamekatika upande wa banda, na vijana hao wakamsaidia kuleta dumu la maji kutoka bomba la msikitini, kwa gari lao. Rafiki wa yule bwana aliona kweli gari na dumu. Alichokosea ni kilichomo ndani, kama yule mama wa huku alivyoona vipande vyeupe. Jibu lisiloeleza kile watu walichokiona kwa macho linawaacha nacho mkononi, na watakitafutia maelezo wenyewe.

Likabaki la afisa afya wa kata. Dada alitaka aandike "serikali imethibitisha". Nikamkumbusha maneno ya mzee: afisa anaangalia usafi wa banda na vyeti vya kupimwa afya, hapimi mafuta kwenye maabara. Lakini hapa nilijifunza kitu kwake. Kwetu kumwita afisa mwenyewe, mchana, watu wakiona, kunasema kwamba huna cha kuficha, hata kama hakujibu swali la mafuta. Akamwita. Tukaandika alichokiangalia tu, basi.

Jibu la tatu ndilo lililotoka:

"Assalamu alaykum majirani, habari za jioni. Ni mimi, mama wa chipsi wa kona ya mnazi. Tunakaangia mafuta ya alizeti, ya dumu la lita 20 tunalonunua duka la jumla sokoni. Dumu tumeliweka mbele ya banda, lebo yake na alama ya TBS mtaziona. Usiku tunayachuja, tunayatumia siku mbili, ya tatu tunafungua mengine. Habari ya mafuta ya transfoma si kweli. Gari lililoonekana Jumanne ni la mafundi waliokuja kula, na dumu lile ni la maji, walitusaidia kulibeba kutoka bomba la msikitini. Ijumaa afisa afya wa kata alifika, akakagua banda na vyeti vyetu vya afya. Mwenye swali apite saa kumi jioni tunapomimina mafuta, aangalie na aulize. Karibuni."

Uzushi umetajwa mara moja, katikati, umezungukwa na mambo anayoweza kuyaona mtu mwenye miguu. Aliyezusha hakutajwa kabisa. Na dada hakulituma kama maandishi. Uzushi ulikuja kwa sauti, naye akalisoma kwa sauti yake ambayo mtaa mzima unaijua, polepole, chini ya dakika moja na nusu. Alilipeleka kwenye makundi matatu ambako ile sauti ilikuwa imefika, si zaidi. Kulipeleka kwingine kungekuwa kuwapelekea uzushi ambao hawajausikia. Mtu mmoja akajibu kwa kejeli. Dada akaandika "Karibu saa kumi" akazima simu. Hilo lilimtoa jasho kuliko kazi yote ya kuandika.

Siku ya kwanza walikuja watatu kuangalia, hakununua hata mmoja. Mama mmoja aliinama akanusa dumu, akasoma lebo kwa kidole, akaondoka bila neno. Keshoye akatuma mtoto na shilingi elfu mbili. Dada ananiambia alijua mambo yanabadilika pale maswali ya wateja yalipobadilika: wiki ya kwanza "eti ni kweli?", wiki ya tatu "mayai yapo leo?" Ndoo zimerudi tatu. Ya nne haijarudi, na wapo wawili waliokuwa wakila pale kila Jumamosi ambao sasa wanavuka barabara wakifika kona ya mnazi. Dumu bado liko mbele ya banda, lebo imeelekezwa barabarani.