Karne ya Bi Kidude

Baada ya Bi Kidude kufariki, tarehe 17 Aprili 2013, niliombwa kutunga shairi la kuadhimisha karne moja tangu kuzaliwa kwake. Waandalizi walishika mwaka 1910, wakasikitika kwamba tumechelewa. Nikauliza mwaka huo umetoka wapi, hakuna aliyejua. Marehemu mwenyewe hakuitaja tarehe. Alisema tu kwamba alizaliwa zama za rupia, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Rupia haikunifaa. Tumezoea kudhani iliondoka na Mjerumani, lakini hayo ni ya bara. Unguja iliendelea kuitumia hadi mwisho wa 1935. Ikabaki vita. Aliyezaliwa kabla ya Agosti 1914, awe wa 1910 au wa mwaka mwingine wowote wa nyuma, karne yake itakuwa imetimia ifikapo Agosti 2014. Basi 2014 si mwaka wa haki kwa yakini, ila ni wa mwisho unaowezekana, na anayeusubiri hawezi kusherehekea kabla ya wakati.

Mzee mmoja alinitatiza zaidi: mia ya Hijria au ya Miladia? Miaka mia ya mwezi mwandamo ni takriban 97 ya jua. Ajabu ni kwamba sikuwa nimeliwaza, nami nafunga Ramadhani kila mwaka!

Tukaafikiana 2014, kwa Miladia. Katika shairi sikuutia mwaka wa kuzaliwa. Nilitia rupia.