Chupa Nne Zilizofunikwa

Rafiki yetu alipokaribia arusi yake, ilitupasa kumchagulia juisi ya marakuja kwa ajili ya wageni. Mama wa mmoja wetu hutengeneza na kuuza. Muuzaji mwingine yuko soko la Kadutu. Dukani nako kuna ile ya kiwandani. Yeyote ambaye angeonja akiijua chupa, angeonja kwanza urafiki. Kwa hiyo, jioni moja hapa Bukavu, tulifunika chupa.

Karatasi ya gazeti peke yake haitoshi, kwani umbo la chupa hutambulika hata likivikwa. Tulimimina juisi zote katika chupa za namna moja, tukazitia pamoja katika ndoo ya maji baridi kwa muda wa saa mbili, maana kinywaji kilicho baridi kuliko vingine huficha utamu na harufu yake. Aliyemimina hakuonja. Mwingine, asiyejua kilichomo, aliziandika namba 163, 427, 580 na 902. Tukiandika 1, 2, 3, wa kwanza huonekana bora kabla ya kuonjwa.

Juisi zilikuwa tatu, lakini chupa nne: ile ya soko ilitiwa katika chupa mbili, na waonjaji hawakuambiwa.

Tulikuwa waonjaji wanane. Kila mmoja alipewa karatasi yenye safu tatu: harufu, ulingano wa utamu na uchachu, na ladha inayobaki kinywani. Kila safu ilipewa alama kuanzia 1 hadi 5. Kila chupa ilianziwa na watu wawili, ili pasiwe na juisi inayofaidika kwa kukuta ulimi ungali mpya. Kati ya chupa na chupa tulisukutua kwa maji, wala hatukusema neno hadi karatasi zote zikusanywe, kwa kuwa mtu mmoja akiguna, wote humfuata.

Wastani wa jumla, juu ya 15, ulikuwa huu: namba 163 ilipata 12, 427 ilipata 11 na nusu, 902 ilipata 10 na nusu, 580 ilipata 8. Tulipofunua, 427 na 902 zilikuwa juisi ile ile ya soko! Basi ndimi zetu zilitofautiana kwa alama nzima pasipo sababu yoyote katika kinywaji.

Hapo ndipo mizani ilipopatikana. Namba 163, ya mama, iliupita wastani wa zile pacha kwa alama moja tu. Hatukuweza kusema imeshinda. Ya duka ilibaki nyuma kwa alama tatu. Hiyo ilishindwa kweli.

Funda moja, hata hivyo, hupendelea kilicho kitamu sana, ambacho hukinaisha kabla ya glasi kwisha. Kwa hiyo kesho yake tulikunywa glasi nzima ya kila moja kati ya zile mbili, zikiwa bado zimefunikwa, kisha ndipo tukauliza bei.