Daftari la Hema na Viti

Mama alianza kukodisha hema na viti huko Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru, na kwa miaka mingi pesa yoyote iliyoingia kwenye M-Pesa yake aliihesabu kuwa yetu. Agosti na Desemba, harusi zikifuatana, nyumba ilishiba. Januari kila mzazi anahangaikia karo, hakuna anayekodi hema, nasi tulichukua unga dukani kwa mkopo.

Machi 2020 serikali ilipopiga marufuku mikusanyiko, maharusi waliokuwa wamelipa kushika tarehe za Aprili waliomba kurudishiwa. Ilikuwa haki yao. Mama aliuza viti ili awalipe, kisha akanikabidhi daftari. Tangu hapo malipo ya kushika tarehe huingia kwenye laini nyingine, na hayaguswi mpaka shughuli ifanyike.

Kodi nayo ilipata nafasi yake. Kwa kuwa mauzo yetu ya mwaka yanapita milioni 1, tunalipa ile ambayo wafanyabiashara huiita TOT. Hutozwa kwenye mauzo yote bila kutoa gharama, kwa hiyo hata mwezi wa hasara inadaiwa, na mwisho wa kuilipa ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwaka 2020 ilishushwa hadi asilimia 1. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Mimi huitoa siku ileile mteja anapomaliza kulipa, kabla ya kumlipa hata mpakizi.

Badiliko lililomgusa Mama zaidi ni mshahara. Sasa anapokea 35,000 kila mwezi, msimu uwe mzuri au mbaya. Chukua Agosti ya mauzo ya 200,000: kodi 6,000, vibarua, lori na kufua hema 95,000, kodi ya stoo 12,000. Zinabaki 87,000, Mama akichukua zake, 52,000 zinaenda akiba. Januari ya mauzo ya 30,000, tukishatoa kodi ya 900, gharama za kazi 14,000 na stoo, zinabaki 3,100 tu. Akiba inamjazia 31,900.

Akiba hiyo tuliipimia miezi minne ya mshahara na stoo, yaani 188,000, kwa sababu kiangazi chetu cha kazi huanza Januari na kinaweza kufika Machi, nasi tukaongeza mwezi mmoja wa tahadhari. Mama alitaka tuiweke kwenye sako. Nilikataa, ingawa naipenda sako: amana zake ni dhamana ya mkopo, na kwa kawaida huzitoi mpaka ujiondoe uanachama. Pesa ya Januari lazima itoke Januari. Tuliifungulia akaunti ya benki isiyo na kadi, na tunachukua kwa kupanga foleni.

Ikishajaa, ziada ndiyo hununua hema. Mwaka jana ilitosha moja, ya watu 100.