Neno "benki" katika barua yetu

Mwezi wa Juni 2024, dada mmoja mchoraji wa Mombasa alitukamilishia picha 12 za kijitabu chetu cha usafi wa maji. Tulikuwa tumepatana naye dola 480, zilipwe ndani ya siku 7. Picha zilitufikia hapa Kamanyola Jumanne tarehe 4. Tarehe 19 alituuliza malipo yake yako wapi, nasi tukamjibu hivi:

"Dada yetu mpendwa, kutokana na taratibu za benki, malipo yako yamechelewa kidogo. Tunaomba uvumilivu wako. Yatakufikia hivi karibuni."

Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Sikuuliza habari za benki; nimeuliza kama mlituma."

Tuliumia, kwa kuwa tulikuwa tumetuma kweli. Lakini tulipousoma tena ujumbe wetu kwa macho ya mtu aliye mbali, tuliona kwamba asiyetaka kulipa angeandika maneno yale yale. Malipo "yamechelewa", kana kwamba yana miguu yake yenyewe. Hapakuwa na tarehe, wala namba ambayo angeweza kuipeleka kwenye benki yake akaulizie. Tena neno "benki" lilikuwa limefunika siku 3 zilizokuwa zetu wenyewe. Akaunti yetu inahitaji sahihi mbili, na mmoja wa watia sahihi alikuwa Uvira msibani. Tuliweza kutia sahihi Ijumaa tarehe 14, wakati muda tuliopatana ulikuwa umekwisha tarehe 11.

Kesho yake mtunza hazina wetu alipanda barabara ya Ngomo hadi Bukavu. Aliomba tawini nakala ya MT103, yaani karatasi iliyokuwa ikionyesha kwamba agizo la malipo limetoka, siku gani na kwa kiasi gani. Aliomba pia UETR, namba ya herufi na tarakimu ambayo kila benki iliyo njiani huitumia kufuatilia malipo hayo hayo.

Huko ndiko tulikojua kisa chote. Dola za Bukavu haziendi Mombasa moja kwa moja; hupitia benki ya kati, na malipo yetu yalikuwa yamepita New York. Kwenye nafasi ya sababu ya malipo tulikuwa tumeandika neno moja tu: APPUI. Oktoba 2022 nchi yetu iliwekwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na GAFI, kikundi cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha. Chama cha Kongo kikituma "msaada" kwa mtu binafsi katika nchi nyingine, si ajabu kuulizwa. Benki ya kati ilikuwa imeomba ankara tarehe 18, na swali hilo lilikuwa limelala tawini bila mtu kutupigia simu. Mtunza hazina alikuwa na ankara mkobani, akaikabidhi pale pale.

Jioni tukaandika upya:

"Dada yetu mpendwa, tulitia sahihi agizo la dola 480 tarehe 14 Juni, siku 3 baada ya muda tuliopatana. Kuchelewa huko ni kwetu, nasi tunakuomba radhi. Benki yetu ilituma tarehe 17. Benki ya kati ya New York imezizuia, ikitaka kuona ankara yako, kwa sababu hatukueleza vizuri kwamba ni malipo ya kazi. Ankara tumeipeleka leo, tarehe 20. Hatujui watachukua siku ngapi. Nakala ya MT103 na namba ya UETR tumeziambatanisha, nawe unaweza kuzionyesha benki yako. Jumatatu tarehe 24 tutakuandikia tena, hata kama hakuna jipya. Fedha zikirudishwa kwetu, tutazituma upya."

Mzee mmoja kati yetu alipinga sentensi ya radhi. Kwa nini tujishtaki, aliuliza, wakati siku nyingi zaidi zimepotea benki? Tuliiacha ibaki. Karatasi tuliyoambatanisha ina tarehe yake, na dada angehesabu mwenyewe siku zile tatu ambazo hatukuzitaja. "Hivi karibuni" tuliifuta, na siku ya fedha kufika hatukuitaja, kwa kuwa haikuwa mikononi mwetu. Tarehe pekee tuliyoweza kuiahidi ni ya barua yetu inayofuata.

Jumatatu hapakuwa na jipya, tukamwandikia hivyo. Alijibu: "Asanteni. Nimepeleka namba benki, wameiona."

Fedha zilimfikia Jumatano tarehe 26, dola 455 tu. Tulikuwa tumechagua SHA, yaani ada za njiani zikatwe kwenye fedha za mpokeaji, na hilo hatukumwambia katika barua yoyote kati ya zile mbili. Dola 25 zilizobaki tuliziongeza kwenye ankara yake iliyofuata, na safari hii kwenye nafasi ya sababu tuliandika kwa urefu: malipo ya michoro, pamoja na namba ya ankara na tarehe yake.