Ukuta Ufanane, Nyuso Zibaki

Kuna mkorogo wa dukani na kuna mkorogo wa kompyuta. Huu wa pili hauachi madoa shingoni, ndiyo maana hatuupigii kelele. Nilikutana nao pale ofisi yetu ya habari hapa Dar es Salaam iliponikabidhi picha tisa za wafanyakazi ziende kwenye tovuti. Sita zilipigwa Jumanne asubuhi, tatu Ijumaa jioni, wote mbele ya ukuta uleule wa kijivu hafifu. Agizo la bosi lilikuwa neno moja: "Zifanane."

Mbunifu wa tovuti alikuwa ameshajaribu. Alichukua uso wa dada wa mapokezi, ambaye ni maji ya kunde, akazivuta nyuso zote zimfuate yeye. Mhasibu wetu, mweusi tii, akatoka na rangi ya majivu. "Kama nimetoka kuugua," alisema, na hakuwa anatania.

Kumfanya mtu mmoja kipimo cha wote si jambo geni. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zikiitwa kadi za Shirley. Akitoka vizuri yeye, kazi imekwisha. Sisi wengine tulitoka tulivyotoka.

Lakini fikiria: kati ya picha tisa, uso ndio kitu kinachotakiwa kutofautiana. Ukuta ni mmoja. Basi kinachopimwa ni ukuta.

Nilifungua picha moja nzuri ya Jumanne, nikausoma ukuta kando ya bega: nyekundu 200, kijani 200, buluu 198. Karibu sawa, maana yake ni kijivu kweli. Ukuta huohuo kwenye picha ya mhasibu, ya Ijumaa, ulisomeka 196, 188, 165. Buluu imeanguka, picha ina unjano wa balbu. Kwenye `Levels` kuna kidude cha kubainisha kijivu. Nikabofya nacho ukutani, unjano ukatoka. Kisha nikasogeza mwanga mpaka ukuta ukarudi karibu na 200. (Ukuta wako ukiwa wa krimu, usifanye hivi, utawapaka watu ubuluu. Piga kwanza picha moja mtu ameshika kadi ya kijivu, ubofye hiyo.)

Hapo ukuta ulikuwa safi, ila mhasibu sasa alikuwa na ubaridi fulani usoni. Kilichonieleza sababu ni kola ya shati lake jeupe: 212, 220, 238. Ukuta ulimulikwa na balbu, yeye alimulikwa na dirisha. Nuru mbili, picha moja. Kwa hiyo nilimtenga na ukuta, nikaurekebisha ukuta kwa ukuta, na yeye kwa kola yake, kwa sababu kola iko sentimita chache tu kutoka kidevuni na inapata nuru ileile ya uso. Sikuilazimisha iwe nyeupe kabisa. Shati lililofuliwa kwa bluu hubaki na ubuluu wake, ukiufuta wote uso unageuka wa chungwa. Niliacha buluu izidi kidogo.

Kola ilinifunulia jingine. Kamera ikiachiwa ijiamulie, hukisia kwamba kila inachokiona kina wastani wa kijivu. Mtu aliyevaa koti jeusi huongezewa mwanga, aliyevaa shati jeupe hupunguziwa. Mhariri wetu alipigwa Jumanne kwa koti na Ijumaa kwa shati, akawa watu wawili. Ukuta nyuma yake ulikuwa umepanda na kushuka vilevile. Uliporudishwa mahali pake, na yeye akarudi kuwa mmoja.

Utajuaje kama hukumchubua mtu? Mimi nilitafuta picha ya pamoja ya sherehe ya mwaka jana, wote chini ya nuru moja, nikaiweka pembeni. Pale mhasibu ndiye mweusi kuliko wote, dada wa mapokezi yuko katikati, mpigachapa ni mweupe kuwazidi. Kwenye picha zangu mpangilio huo lazima ubaki. Wawili wakibadilishana nafasi, kuna mahali nuru imepotoshwa, rudi kwenye kola.

Bosi alizitazama tisa kwa pamoja. "Mbona rangi zao hazifanani?"

"Bosi, hata hapa ofisini hazifanani."

Akanyamaza, akazipitisha. Mhasibu naye aliinama juu ya skrini kwa muda. "Haya, huyu mimi," akasema, akarudi kwenye vocha zake.